Fedha za Miaka Mitatu kwenye Hatifungani ya Miaka Kumi

Tangazo la mnada wa hatifungani za Serikali huwa na takwimu nyingi, lakini moja ndiyo inayobaki vichwani mwa watu: kiwango cha kuponi. Asilimia 12 kwa miaka kumi. Mwenye shilingi milioni moja ambazo atazihitaji baada ya miaka mitatu, labda kwa karo ya chuo au kulipia kiwanja, anaitazama takwimu hiyo, anailinganisha na asilimia 11 ya hatifungani ya miaka mitatu, na anaona kwamba ile ndefu inamwongezea asilimia moja kila mwaka. Atauza sokoni akishafika mwaka wa tatu, anajiambia, na kwa muda huo atakuwa amekula 12 badala ya 11. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mtu huyo hajaahidiwa asilimia 12. Serikali imemwahidi mambo mawili tu: kumlipa kuponi kila miezi sita, na kumrudishia fedha zake hatifungani ikiiva, yaani baada ya miaka kumi. Juu ya bei atakayopata mwaka wa tatu haijasema neno, na bei hiyo ndiyo inayoamua faida yake kuliko kuponi zote sita atakazokuwa amepokea.

Tuichukue hatifungani hiyo na tuifanyie hesabu yote. Thamani yake ni shilingi 1,000,000 za Kenya, muda miaka kumi, kuponi asilimia 12 kwa mwaka, na mnunuzi ameipata kwa bei ileile ya 1,000,000. Kila miezi sita anapokea 60,000. Kodi tuiweke kando kwa sasa, tutairudia. Katika miaka mitatu atapokea kuponi sita, na tuseme anauza siku ileile anayopokea ya sita, ili tusihangaike na riba iliyolimbikizwa kati ya kuponi mbili, ambayo kwa kawaida mnunuzi mpya humlipa muuzaji juu ya bei. Mkononi mwake siku hiyo kutakuwa na mafungu matatu ya fedha. La kwanza ni kuponi zenyewe, 360,000, ambazo hazibadiliki kwa hali yoyote. La pili ni faida iliyotokana na kuziwekeza upya kuponi zile, kwa sababu ya kwanza ilikaa miaka miwili na nusu kabla ya siku ya kuuza, ya pili miaka miwili, na kuendelea. La tatu ni bei ya kuuzia karatasi ambayo sasa imebakiza miaka saba.

Kama riba za soko hazikusogea hata kidogo, mambo ni mepesi. Kuponi zikiwekezwa kwa asilimia 6 kila nusu mwaka zinafika 418,519, hatifungani inauzwa kwa 1,000,000, na jumla ni 1,418,519. Ukiigawa kwa mtaji na kutafuta kiwango cha nusu mwaka kinachoifikisha milioni moja kwenye jumla hiyo kwa vipindi sita, unapata asilimia 6 kamili, au 12 kwa mwaka kwa desturi ya soko ya kuzidisha mara mbili. Hapa, na hapa tu, ndipo takwimu ya tangazo inapolingana na faida ya mtu. Hata hivyo ilihitaji masharti mawili yatimie pamoja: kila kuponi iwekezwe bila kuchelewa kwa riba ileile, na mnunuzi wa mwaka wa tatu aridhike na riba ileile. Sharti la kwanza pekee likivunjika, yaani kuponi zikabaki kwenye akaunti ya benki isiyolipa kitu, jumla inakuwa 1,360,000 na faida inashuka hadi takribani asilimia 10.5, ingawa soko halijabadilika hata chembe. Ile asilimia moja iliyomvuta mnunuzi kwenye miaka kumi imeshapotea, na zaidi.

Sasa tuvunje sharti la pili. Tuseme muda mfupi baada ya kununua, riba ambayo soko linadai inapanda kutoka 12 hadi 16 na kubaki hapo. Anayenunua hatifungani mwaka wa tatu anaweza kupata 16 kwingineko, kwa hiyo hawezi kulipa milioni nzima kwa karatasi inayotoa 60,000 kila nusu mwaka. Atalipa kiasi ambacho kuponi kumi na nne zilizobaki, pamoja na ile milioni ya mwisho, zitampa asilimia 8 kwa nusu mwaka. Hesabu hii haihitaji fundi. Programu yoyote ya jedwali kwenye kompyuta au simu inaifanya kwa mistari miwili, wa kwanza ukitoa bei ya kuuzia na wa pili ukitoa thamani ya kuponi zilizowekezwa upya:

```
=PV(8%,14,-60000,-1000000)
=FV(8%,6,-60000)
```

Mstari wa kwanza unatoa 835,115 na wa pili 440,156. Jumla ni 1,275,271. Kiwango cha nusu mwaka kinachoipeleka milioni moja kwenye jumla hiyo kwa vipindi sita ni asilimia 4.14, yaani karibu 8.3 kwa mwaka. Aliyenunua asilimia 12 amevuna 8.3, wakati Serikali haikuchelewesha hata senti moja na hakuna aliyevunja ahadi. Aliyechukua hatifungani ya miaka mitatu kwa asilimia 11 amempita kwa mbali, kwa sababu yake imeiva na milioni imerudi nzima bila kumwomba dalali wala kungoja mnunuzi.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi linaanzia hapa, nalo lina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba riba ikipanda mwenye hatifungani hapotezi sana, kwa maana kuponi zake sasa zinawekezwa kwa riba ya juu, na hilo linafidia kushuka kwa bei. Ni kweli nguvu hizi mbili zinavutana: jambo lilelile linaloshusha bei ndilo linalokuza mapato ya kuponi. Lakini ukubwa wake haulingani. Katika mfano wetu kuponi zilizowekezwa kwa 16 zimezidi zile za 12 kwa shilingi 21,637. Bei imeshuka kwa 164,885. Fidia ni kama shilingi 13 kwa kila 100 zilizopotea. Sababu ni muda: kuponi ya 60,000 inayokaa miezi michache au hata miaka miwili na nusu kwa riba iliyopanda haiwezi kukusanya kiasi kikubwa, lakini bei ya kuuzia inabeba mara moja upungufu wa malipo ya miaka saba mbele. Ndiyo maana hata tarehe ya mabadiliko haina uzito mkubwa kwa mwenye miaka mitatu. Riba ingebaki 12 muda wote na kuruka hadi 16 wiki moja kabla ya kuuza, kuponi zingefika 418,519 badala ya 440,156, na faida ingekuwa kama 7.7 badala ya 8.3. Kinachomuumiza ni kiwango kilichopo siku ya kuuza. Njia iliyopitwa kufika pale inachangia kidogo tu.

Fidia hiyo huja kukamilika, ila huja baadaye. Ukipima wastani wa muda ambao fedha za hatifungani hii zinarudi mkononi, kila malipo yakipewa uzito kulingana na thamani yake ya leo, unapata miaka sita na mwezi mmoja hivi, si kumi, kwa sababu kuponi zinaanza kurudi mapema. Huo ndio muda ambao nguvu mbili zinalingana. Mwenye kushikilia miaka sita, riba ikiwa imepanda hadi 16 tangu mwanzo, anakusanya 1,138,628 za kuponi na faida yake, anauza kwa 885,067, na jumla ni 2,023,695. Riba isingesogea angepata 2,012,196. Ni kama kitu kimoja, na mpandisho umemwongezea kidogo. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama hatifungani ya miaka kumi ni salama au ya hatari. Karatasi ileile inamkinga mwenye miaka sita na inamwacha wazi mwenye miaka mitatu. Hatari inakaa katika pengo kati ya muda wa mtu na muda wa karatasi, na pengo hilo halionekani popote kwenye tangazo la mnada.

Kwa msomaji anayedhani kupanda kwa riba kutoka 12 hadi 16 ni mfano uliotiwa chumvi, Kenya imepita njia hiyo juzi tu. Mwanzoni mwa 2021 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7.00, na hatifungani za muda wa kati na mrefu zilikuwa zikipatikana kwa riba za karibu na 12. Benki Kuu ilianza kupandisha kiwango chake Mei 2022, na Februari 2024 kikafika 13.00. Mwezi huohuo wa Februari Serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa kuponi ya 18.4607, tena isiyokatwa kodi. Ilikuwa imeomba shilingi bilioni 70; wawekezaji wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 288, na Serikali ikachukua karibu bilioni 241. Sasa jiweke kwenye nafasi ya aliyenunua mwanzoni mwa 2021 kwa 12 na ambaye miaka yake mitatu iliisha wiki hizohizo. Anampelekea mnunuzi karatasi ya kuponi 12, huku mnunuzi yule ana ya 18.4607 mbele yake. Kwa hali ile, 16 niliyoitumia kwenye hesabu ni ya upole.

Hapo ndipo kodi nayo inapoingia. Kwa utaratibu wa kodi ya zuio nchini Kenya, kuponi za hatifungani za kawaida zenye muda wa miaka kumi au zaidi hukatwa asilimia 10, na za muda mfupi zaidi asilimia 15. Makato yanachukuliwa kwenye kuponi bila kutazama kama mtaji wenyewe umepungua. Katika mfano wetu, 60,000 inakuwa 54,000, na riba ya kuwekeza upya, ikikatwa vilevile, ni 14.4 badala ya 16. Kuponi zinafika 388,230, bei inabaki 835,115, na faida ya mwaka ni asilimia 6.8. Mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Mtu aliyefuata asilimia 12 ya dhamana ya Serikali anaweza basi kutoka akiwa na fedha zinazonunua kidogo kuliko alizoingia nazo kwa sehemu kubwa ya muda wake. Haki inataka niongeze kwamba tofauti ya viwango vya kodi inaipendelea hatifungani ya miaka kumi: 12 ikikatwa 10 kwa mia inabaki 10.8, na 11 ikikatwa 15 kwa mia inabaki 9.35. Nafuu hiyo ni ya kweli na inaweza kuvumilia mpandisho mdogo wa riba. Haiwezi kuvumilia mpandisho wa alama nne.

Upande wa pili wa hesabu nao unastahili kusemwa bila kupunguzwa, kwa sababu wanaouza hatifungani ndefu huutumia na hawadanganyi. Riba ikishuka kutoka 12 hadi 8, kuponi zinafika 397,979, pungufu ya 418,519, lakini bei ya kuuzia inapanda hadi 1,211,262. Jumla ni 1,609,241 na faida ni asilimia 16.5 kwa mwaka. Tena faida ya bei, 211,262, ni kubwa kuliko hasara ya 164,885 iliyoletwa na mpandisho wa ukubwa uleule. Mstari wa bei umejikunja, hautelemki sawasawa: bei hupanda kwa kasi zaidi riba inaposhuka kuliko inavyoshuka riba inapopanda. Aliyenunua kwenye kilele cha Februari 2024 ameyaona haya kwa macho, kwa kuwa Benki Kuu ilianza kupunguza kiwango chake Agosti ya mwaka huohuo, na mwisho wa 2025 kilikuwa asilimia 9.00. Hatifungani zake za kuponi ya 17 na 18 zimekuwa zikinunuliwa kwa bei iliyo juu ya thamani iliyoandikwa. Lakini mkunjo huo unaeleza ukubwa wa faida na hasara. Haumwambii mtu uwezekano wa kila upande. Anayenunua miaka kumi kwa fedha za miaka mitatu anaweka dau kwamba riba haitapanda. Dau linaweza kuwa zuri. Ninachokataa ni mtu kuliweka akidhani anaweka akiba.

Huja pia jibu la mtu asiyetaka kusumbuka: "Riba ya kesho haijulikani, kwa nini nipige hesabu ya jambo lisilojulikana?" Hesabu hii haitabiri chochote. Matumizi yake bora ni kugeuza swali lipate umbo ambalo mtu anaweza kulijibu. Badala ya kuuliza riba itakuwa ngapi mwaka wa tatu, uliza ni kiwango gani cha riba siku ya kuuza kitakachofanya hatifungani ya miaka kumi kwa 12 ilingane na ya miaka mitatu kwa 11. Ya miaka mitatu, kuponi zake zikiwekezwa kwa riba yake yenyewe, inafikisha 1,378,843. Ukijaribu viwango mbalimbali kwenye ile mistari miwili ya jedwali, unakuta kwamba kwa asilimia 13 kuponi za hatifungani ndefu zinafika 423,824, bei yake ni 954,931, na jumla ni 1,378,755. Tofauti ni shilingi 88. Maana yake, kabla ya kodi, mpandisho wa alama moja tu ndani ya miaka mitatu unafuta nafuu yote iliyokuwa sababu ya kuichagua. Sasa mnunuzi ana swali analoweza kulipima: je, naona riba ikikaa chini ya 13 kwa miaka mitatu? Nchi ambayo kiwango cha Benki Kuu kilitoka 7 hadi 13 ndani ya miezi 21 haimpi mtu sababu ya kujibu "ndiyo" haraka.

Kuna tahadhari moja kuhusu kiwango chenyewe cha kutumia kwenye swali hilo, kwa kuwa hata watu wa kazi hiyo hukosea hapa. Mwaka wa tatu karatasi hii si ya miaka kumi tena. Ni ya miaka saba, na mnunuzi ataipima kwa riba ya hatifungani za miaka saba. Katika nyakati za kawaida muda mfupi hudai riba ndogo kuliko muda mrefu, kwa hiyo muuzaji hupata nafuu ndogo kwa kule kuzeeka tu kwa karatasi yake. Lakini mwanzoni mwa 2024 hata hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na muda mfupi haukuwa na nafuu yoyote. Aliyekuwa ameiweka nafuu hiyo kwenye hesabu zake tangu siku ya kununua aliikosa siku aliyoihitaji.

Kuwekeza upya nako, ambako kwenye karatasi ni kiwango kimoja kisafi, mitaani kuna kingo zake. Kiwango cha chini cha kununua hatifungani ya kawaida kwenye mnada wa Benki Kuu ya Kenya ni 50,000, na nyongeza huenda kwa 50,000. Kuponi yetu baada ya kodi ni 54,000. Inatosha kununua kipande kimoja, na 4,000 zinabaki. Mwenye hatifungani ya 500,000 anapokea 27,000 na hawezi kununua kitu hadi azikusanye mbili, yaani nusu mwaka mzima fedha ziko nje. Mfumo wa DhowCSD, ambao Benki Kuu iliuzindua 2023, umerahisisha kuomba kwa simu, lakini hauondoi kiwango hicho cha chini wala haukupi mnada siku unayoutaka. Wengi kwa busara hupeleka kuponi kwenye mifuko ya soko la fedha, inayopokea kiasi kidogo na kulipa riba inayofuata hati za muda mfupi. Hapo lakini ujue umeacha ile 12 au 16 ya hesabu. Weka kwenye mstari wa `FV` kiwango ambacho mfuko unalipa kweli, kikishatolewa ada na kodi. Kwa miaka mitatu kosa hili ni dogo, kwa kuwa faida juu ya kuponi, hata mambo yakienda sawa, ni 58,519 tu kati ya jumla ya 1,418,519.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye bei, na hapa nawasihi wasomaji wasimame kidogo. Orodha ya bei za hatifungani inayotolewa na Soko la Hisa la Nairobi huonyesha bei kwa kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa, na kwa hatifungani nyingi bei hiyo imekokotolewa kutoka kwenye mstari wa riba. Haikutokana na mauzo ya siku hiyo. Ni kipimo kizuri, lakini hakuna aliyejifunga kukulipa hivyo. Mwenye milioni moja anakwenda sokoni kati ya benki na mifuko ya pensheni zinazouziana mamilioni kwa makumi na mamia, na kwa kipande chake kidogo atapewa bei inayompa mnunuzi riba ya ziada kwa usumbufu. Tuseme ziada hiyo ni nusu alama tu: soko ni 16, mnunuzi anadai 16.5. Bei inashuka kutoka 835,115 hadi 817,168. Zimekwenda shilingi 17,947, karibu sawa na ile fidia yote ya 21,637 iliyopatikana kwa kuwekeza kuponi kwa riba ya juu kwa miaka mitatu. Kazi ya miaka mitatu imeliwa kwenye simu moja na dalali. Njia ya kulijua hili mapema ni kuangalia kabla ya kununua, si siku ya kuuza: je, hatifungani hii imeuzwa sokoni wiki zilizopita, kwa kiasi gani, na bei za mauzo hayo zilikuwa mbali kiasi gani na bei za orodha? Hatifungani iliyofunguliwa tena mnadani mara kadhaa, yenye mabilioni mengi mikononi mwa wengi, huuzika kwa tofauti ndogo. Ile iliyouzwa mara moja kwa kiasi kidogo inaweza kukaa wiki kadhaa bila mnunuzi.

Limebaki pingamizi la mwisho, lenye heshima kuliko yote: "Mimi bei hainihusu, nitashikilia hadi iive." Kama kweli fedha hizo zinaweza kukaa miaka kumi, sina ugomvi naye, isipokuwa kumwonyesha kwamba amehama tatizo moja akaingia jingine. Kwa miaka kumi kwa asilimia 12, milioni yake inafika 3,207,135 tu ikiwa kila kuponi itawekezwa kwa 12. Kati ya hizo, kuponi ni 1,200,000 na faida juu ya kuponi ni 1,007,135, karibu theluthi ya yote. Kwake yeye kushuka kwa riba ndiko hasara, na kupanda ndiko heri, kinyume kabisa na mwenye miaka mitatu. Lakini wengi wanaosema watashikilia hadi mwisho hawajaulizwa na maisha. Benki ya Silicon Valley ya Marekani ilikuwa imezipanga hatifungani zake nyingi kwenye vitabu kama za kushikiliwa hadi ziive, na sheria za uhasibu zikaruhusu kutoonyesha hasara yake ya bei kwenye mapato. Walioweka amana walipoanza kutaka fedha zao, benki ililazimika kuuza hatifungani nyingine za dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8, na Machi 10, 2023 ikafungwa. Hatifungani zile kwa sehemu kubwa zilikuwa za serikali na za taasisi zinazoungwa mkono nayo. Hakuna aliyeshindwa kulipa. Kilichoshindwa ni muda. Kusema "nitashikilia" hakuzuii bei kushuka. Kunazuia mtu kuitazama tu, hadi siku ugonjwa, karo au deni litakapomlazimisha.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye fedha za miaka mitatu anunue hatifungani inayoiva katika miaka mitatu au karibu na hapo, hata kama kuponi yake ni ndogo. Na zipo sokoni, ama mpya za muda huo, ama za zamani zilizobakiza miaka mitatu. Akitaka ndefu kwa sababu anaamini riba zitashuka, ainunue kwa jina hilo, na kwa sehemu tu ya fedha ambayo hasara yake anaweza kuibeba. Na kabla ya kutia ombi mnadani aandike mahali kiwango cha riba ambacho kikifikiwa siku ya kuuza, ile fupi ingekuwa imemshinda. Kwa mfano wetu ni asilimia 13. Kwa mnada ujao kitakuwa kingine, na ile mistari miwili ya jedwali itamtolea kwa dakika tano.